Egichopu: nyama iive, yai lisikauke

*Shikamoo mama. Niko Arusha, nauza egichopu maofisini asubuhi. Nje zinapendeza, rangi nzuri kabisa, lakini wateja wawili wamenirudishia, wamekata na kukuta nyama iliyogusana na yai bado nyekundu. Nikaanza kuziacha kwenye mafuta muda mrefu zaidi. Sasa nyama inaiva ila kiini kimekuwa kikavu kama unga, kina mviringo wa kijani, na nyingine zinapasuka. Nikirekebisha kimoja naharibu kingine. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jambo ambalo watu wengi hulikataa mpaka walione kwa macho yao. Yai lako halikaukii kwenye mafuta. Lilishakauka kwenye sufuria ya maji, kabla hata hujalivisha nyama. Mafuta yanamalizia tu kazi iliyoharibika mapema.

Lithibitishe kesho. Ukishachemsha mayai kama ulivyozoea, chukua moja, limenye, likate katikati kabla hujafanya kitu kingine chochote. Ukiona kiini kimeshakuwa cha unga na kimezungukwa na ule ukijani, basi umempata mkosaji. Ule ukijani hutokea kati ya kiini na ute. Ute ukipikwa sana hutoa hewa yenye salfa, na hewa hiyo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini hufanya utando wa kijani. Hauna sumu, lakini ni alama ya uhakika kwamba yai limekaa kwenye moto kupita kiasi, au limetolewa kwenye moto likaachwa lipoe lenyewe ndani ya maji yale yale ya moto. Hili la pili ndilo linalowaponza wengi. Mtu anazima jiko, anakwenda kukatakata vitunguu, na yai linaendelea kupikwa huku yeye akiamini amemaliza.

Kwa hiyo una kazi mbili tofauti, na ukizitenganisha hazigombani tena. Yai liive vizuri kwenye maji, kisha lipoe kabisa ili mafuta yasilifikie. Nyama nayo iwe nyembamba kiasi cha kuiva kabla joto halijapata nafasi ya kupenya hadi kwenye kiini. Ukiyashika hayo, yai litatoka kwenye karai karibu kama lilivyoingia.

Yai

Maji yachemke kwanza, yatokote, ndipo uteremshe mayai taratibu kwa kijiko. Mimi niko Tanga, usawa wa bahari. Yai la kisasa la ukubwa wa kawaida, ambalo halijatoka kwenye friji, nalichemsha dakika 8 kwa kuangalia saa. Hapo ute umeshika wote na kiini kimeshika pembeni, ila katikati bado kina unyevunyevu na rangi ya machungwa iliyokolea. Dakika 7 zinaacha kiini laini zaidi, kizuri kwa kuliwa nyumbani hapo hapo. Kwa biashara, chakula kikitembea mjini na wewe humjui mlaji, mimi sishuki chini ya 8. Na ukijua anayekula ni mjamzito, mzee au mtoto mdogo, chemsha mpaka kiini kishike chote.

Lakini wewe uko Arusha, na hapo mapishi ya pwani yanakudanganya. Mji wenu uko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Yanatokota vile vile kwa macho, ila hayana joto lile. Ongeza dakika moja au moja na nusu, yaani anza na 9 kisha ukate moja uone. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kupikia shughuli huko nikatumia dakika zangu za Tanga, na ute wa karibu na kiini ukatoka kama uji. Sasa kila nikifika mji mgeni, yai la kwanza ni la kukata. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo yapunguzie kama dakika moja na nusu.

Dakika zikiisha, usisubiri. Mwaga maji ya moto, weka maji ya baridi, yakipata uvuguvugu mwaga tena, weka mengine. Kama una barafu ni vizuri zaidi. Nagusa yai kwa mgongo wa mkono, na nikihisi joto lolote linatoka ndani, bado halijapoa. Baada ya hapo limenye, lifute kwa kitambaa safi mpaka lisiwe na tone la maji, kisha lifunike na uliweke kwenye friji lisaa limoja au zaidi. Wengi wanaliona hili la friji kama kupoteza muda, ila ndilo linalokupa nafasi yote kwenye karai. Yai linaloingia kwenye mafuta likiwa baridi mpaka ndani linahitaji dakika nyingi kabla kiini hakijapata moto wa maana. Yai la vuguvugu halikupi nafasi hiyo. Tena linayeyusha mafuta ya nyama unapolivisha, nyama inateleza na kukataa kushika.

Na kama mayai yako hayamenyeki vizuri, yanatoka na ute, huenda ni mapya mno. Yai la siku mbili tatu limeng'ang'ania ganda lake, wakati la wiki moja humenyeka lenyewe. Nunua trei yako mapema.

Nyama

Sasa twende kwenye nyama, maana humo ndimo kilio chako cha kwanza kilimo.

Kinachoamua muda wa kukaa kwenye karai ni unene wa nyama. Watu hufikiri nyama ikiwa nene mara mbili itahitaji muda mara mbili. Sivyo. Joto hupenya nyama kwa kutambaa, na unene ukizidi mara mbili, muda unakaribia kuzidi mara nne. Ndiyo maana tofauti ndogo ya kidole inakutoa kwenye dakika 6 hadi kwenye nusu saa, na hakuna chenga za mkate zitakazovumilia nusu saa bila kuwa makaa.

Unene ninaoutaka ni milimita 8 hadi 9, chini kidogo ya upana wa kidole changu cha mwisho. Kwa yai la kisasa la kawaida hiyo ni gramu 80 za nyama iliyokwisha changanywa. Ukiweka gramu 170, na nimeona watu wanaweka ili ionekane imejaa, unene unafika sentimita moja na nusu. Mteja ataifurahia kwa macho, kisha ataikuta mbichi ndani. Kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni, upime kila donge. Usikisie kwa jicho, jicho huchoka donge la kumi na tano.

Hapa kuna hesabu kamili ya mayai 10, nayo ndiyo ninayotumia. Nyama ya kusaga ya ng'ombe gramu 600, yenye mafuta kidogo, isiwe kavu kabisa. Sehemu laini ya ndani ya boflo la jana gramu 60, iliyovurugwa na kulowekwa kwenye vijiko vinne vya chakula vya maziwa. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kimekunwa na kukamuliwa kwenye kitambaa mpaka maji yaishe. Kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa, kijiko kimoja cha chakula kwa jumla. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Bizari nyembamba ya kusaga kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, mdalasini kidogo sana kwa ncha ya kisu, kotimiri fungu dogo lililokatwa, na pilipili mbichi kadiri ya wateja wako. Hiyo inafika gramu 820 au 830. Madonge 10 ya gramu 80 yanatoka, na kinachobaki kinakaangwa kama kababu kadogo ka kuonja chumvi kabla hujaanza kuvisha. Usiruke kuonja huko, maana ukishavisha hakuna kurudi nyuma.

Kila kimoja hapo kina sababu yake. Mkate uliolowekwa unashika maji ya nyama, hivyo hata nyama ikipikwa ikaiva kabisa inabaki na unyevu, na wewe huogopi kuipa dakika inazostahili. Kitunguu kinakamuliwa kwa sababu maji yake yakichemka kati ya nyama na yai yanageuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea. Tangawizi mbichi usiizidishe, kwani ina kitu kinacholainisha nyama, na ikikaa nayo muda mrefu nyama inapoteza mshiko. Papai bichi, lile la mishikaki, usilitie humu hata kidogo. Kwa mshikaki ni zuri, kwa egichopu linageuza nyama kuwa uji usioshika chochote.

Halafu ukande. Tia chumvi kwenye nyama kwanza, peke yake, ukande kwa mkono dakika tatu au nne kabla ya kuweka mkate na viungo. Utahisi inabadilika. Mwanzoni ni punje punje zinazoachana, baadaye inaanza kunata kwenye kiganja na ukiivuta inatoka kwa nyuzi. Hicho kinata ndicho gundi yako. Nyama isiyokandwa hushika kwa bahati tu, na ndiyo inayopasuka. Baada ya kuchanganya vyote, iweke kwenye friji nusu saa.

Kuvisha

Paka viganja mafuta kidogo. Donge la gramu 80 lisambaze kwenye kiganja, au juu ya kipande cha plastiki ya kufungia chakula, liwe duara la upana wa sentimita 12 hivi. Katikati liache unene wa kawaida, kingo zifanye nyembamba zaidi. Yai ulilolifuta maji libingirishe kwenye unga wa ngano, likung'ute mpaka ubaki ukungu tu wa unga. Unga huo unakunywa unyevu uliobaki kwenye ute, nyama inapata pa kushika. Bila unga, ukikata egichopu iliyoiva, nyama inavulika kama koti na yai linadondoka sahanini.

Weka yai katikati, pandisha kingo, zikutane juu. Hapo ndipo penye ule wekundu uliorudishiwa na wateja wako, nina karibu uhakika. Mtu akikutanisha kingo, nyama inalundikana mahali pamoja, upande mmoja unakuwa na sentimita moja na mwingine mbili na nusu. Egichopu nzima imeiva isipokuwa pale kwenye kitovu. Kwa hiyo minya ile nyama iliyozidi, isukume kwa vidole iteremke pembeni, izungushe viganjani kama unaviringa tonge, ukibonyeza kutoa hewa, mpaka usiweze tena kuona mshono ulikuwa wapi. Hewa iliyobaki kati ya yai na nyama hutanuka kwenye mafuta na kupasua.

Unataka kujua kama unene uko sawa? Chukua kijiti cha meno, kichome pale ulipofungia. Kinapita kwenye nyama bila kizuizi, halafu unahisi kinagota kwenye kitu kinachodundadunda kidogo. Huo ni ute. Bana kijiti kwa kucha pale kilipoishia, kitoe, tazama kimeingia kiasi gani. Kisha choma upande wa pili, linganisha. Fanya hivyo kwa tatu za kwanza, mkono utajifunza wenyewe. Kijishimo unakiziba kwa kidole.

Pitisha kwenye unga kidogo, kisha yai lililopigwa, kisha chenga za mkate. Chenga nazo zina siri yao katika tatizo lako. Mikate mingi ya slesi inayouzwa madukani ina sukari, na sukari huungua haraka. Ukitumia chenga za mkate wa sukari, au ukazikaanga kwanza zikawa kahawia kabla ya kuzitumia, rangi nzuri unaipata baada ya dakika mbili, wewe unaona imeiva na unaipua, kumbe ndani moto haujafika. Rangi ya nje inakuambia habari za chenga tu. Chukua boflo au mkate mweupe usio na sukari, uanike ukauke bila kubadilika rangi, usage. Wala usitie sukari au maziwa kwenye yai la kupakia.

Karai

Mafuta yawe mengi ya kuzamisha egichopu, na moto uwe wa wastani, nyuzi 160 hadi 165. Kipimajoto cha jikoni kitakusaidia hapa na mahali pengine nitakapofika baadaye. Kama huna, dondosha chenga chache. Zikizama kidogo, zikapanda polepole zikizungukwa na mapovu madogo, ni sawa. Zikilipuka mapovu na kubadilika rangi hapo hapo, ni moto mno. Zikikaa chini bila kitu, bado.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni egichopu yenyewe. Ya kwanza nakaanga peke yake, saa mkononi. Inatakiwa ianze kupata rangi ya dhahabu kwenye dakika ya tatu, na ifike rangi ninayoitaka kwenye dakika ya sita au ya saba. Ikiwa kahawia kwenye dakika ya pili, napunguza moto kabla sijaweka nyingine, maana najua ndani yake hakuna kilichotokea. Kwenye jiko la mkaa, moto haupungui kwa kuuomba. Toa makaa machache kwa koleo, au ongeza mafuta baridi kikombe kimoja.

Kwenye lita mbili za mafuta nakaanga tatu, nne zikizidi sana. Mtu mwenye haraka anaweka nane, mafuta yanapoa ghafla, egichopu zinakunywa mafuta badala ya kukaangwa, kisha anachochea moto ili kufidia na zinaungua. Zigeuze taratibu kila baada ya nusu dakika kwa chujio la kuipulia, maana huelea na upande mmoja daima. Dakika 6 hadi 7, kisha zipumzike dakika 5 juu ya waya, si juu ya karatasi, ili mvuke wa chini usilowanishe ganda. Katika dakika hizo joto la ganda linaendelea kuingia ndani kidogo.

Nyama ya kusaga ya ng'ombe inatakiwa ifike nyuzi 71 mahali ilipochelewa zaidi kuiva, na kwa egichopu mahali hapo ni pale inapogusana na yai. Hii si sawa na nyama ya kipande. Vijidudu vya kipande hukaa juu na moto huwafikia kwanza. Nyama ikisagwa, cha juu kinachanganyika na cha ndani, kwa hiyo ndani nako lazima paive. Chomeka kipimajoto kwa mshazari kupitia ncha moja, kipite ndani ya nyama ukikwepa yai, kilale karibu na ute. Ukikichoma moja kwa moja katikati utapima kiini, na kiini kiwe na joto dogo ndiyo furaha yetu.

Usipokuwa nacho, toa sadaka moja ya karai la kwanza. Ikate ikipita pale ulipofungia, si ubavuni palipo pembamba. Usiangalie wekundu peke yake, kwani kuna nyama inayogeuka kahawia kabla haijaiva na kuna inayobaki na uwaridi ilhali imeiva. Tazama upande wa kisu. Nyama mbichi inapaka kisu utando unaong'aa na kunata. Iliyoiva inakatika kwa punje, haipaki, na maji yake yanatoka meupe. Bonyeza kwa kidole pale karibu na yai, iwe imekaza kama iliyo pembeni.

Ukikuta bado, usizirudishe kwenye moto mkali. Punguza moto, zirudishe dakika mbili au tatu, au ziweke kwenye oveni.

Na kwa kweli ukipata oda kubwa, oveni ndiyo njia ninayokushauri. Nilipata oda ya egichopu 120 za harusi, miaka mingi nyuma, nikavisha nene kwa kutaka sifa, nikakaanga zote kwenye karai moja moto ukiwa juu. Nilipokata ya kuonja, ikiwa imebaki nusu saa watu waketi, ndani ilikuwa bado. Ilibidi zote ziingie kwenye oveni ya jirani, kwa mafungu, na zikatoka zimepasuka karibu nusu. Siku hizi oda ikizidi 40 nazikaanga dakika tatu au nne tu, zipate rangi na ganda, kisha nazipanga kwenye trei na kuzimalizia oveni, nyuzi 180, dakika 8 hadi 10. Rangi haikimbii, nyama inaiva kwa utulivu, na mimi napata mkono wa kukaanga nyingine. Bado napima moja au mbili kila trei.

Wapo wanaopika nyama ya kusaga kwanza kwenye sufuria, ikakauka, ndipo wakaishikisha kwa yai bichi na viazi vilivyopondwa na kuvisha. Si kosa. Unaondoa kabisa wasiwasi wa ubichi na karai linahitaji dakika tatu tu. Ila nyama iliyokwisha pikwa imepoteza gundi yake na maji yake, hivyo inakatika vipande vipande mtu anapoing'ata, na ladha inaelekea kwenye katlesi. Mimi sipendi. Ukiwa jikoni pasipo friji, pasipo kipimajoto, na watoto ndio walaji, nitakuambia uifuate bila aibu.

Kuhusu kupasuka sina mengi ya kuongeza, maana sababu zake umeshazipitia: maji ya kitunguu, yai lililolowa, hewa ndani, nyama isiyokandwa. Nyama yoyote ikiiva hujikunja, na yai halikunjiki, kwa hiyo kama kuna mahali dhaifu patafunguka. Ukiona zinapasuka zote mahali pale pale, ni mshono. Zikipasuka kila moja mahali pake, ni maji au kukanda.

Kwa biashara yako ya asubuhi, ningepanga hivi. Chemsha na kumenya mayai jioni, yafunike yalale kwenye friji. Changanya nyama jioni hiyo hiyo, ila tangawizi itie asubuhi. Alfajiri uvishe, upake chenga, uache zikae nje dakika 15 tu wakati mafuta yanapata moto, ukaange, zipumzike. Usizivishe na kuzigandisha kwenye friza ili uwe na akiba. Ute wa yai lililochemshwa ukigandishwa unakuwa kama mpira na kutoa maji, na maji hayo yatakupasulia kila kitu.

Zikiiva, ziuze ndani ya saa mbili, au zibaki moto kweli kweli, zaidi ya nyuzi 60. Ukizifungia kwenye hotipoti zinatoa jasho, ganda linalegea, kwa hiyo acha mfuniko wazi kidogo dakika za mwanzo mvuke mkali utoke. Zilizobaki zipoe haraka ziingie friji, kesho yake zipashwe kwenye oveni mpaka katikati. Mteja mwenye maikrowevu ofisini mwambie aikate vipande viwili kwanza. Yai zima lililochemshwa hupasuka humo, na wakati mwingine hupasuka baada ya kutolewa, likiwa mbele ya uso wa mtu.